Masanduku Mia Moja, Mlango Mmoja

Msikilizaji anayetaka kununulia ofisi yake kifurushi cha barua pepe hapa Kigali, kitu cha kwanza atakachoonyeshwa ni idadi ya masanduku. Kifurushi hiki kina masanduku kumi, kile kina mia moja, na kile cha bei ya juu hakina kikomo. Namba hiyo huandikwa kwa herufi kubwa, na kwa kweli ndiyo namba isiyomgharimu muuzaji karibu chochote. Sanduku la barua kwenye seva ni jina, nenosiri na folda yake. Kufungua la mia moja ni kazi ile ile ya kufungua la kwanza.

Namba zinazomgharimu muuzaji zimewekwa chini, kwenye masharti ambayo wanunuzi wengi hawayafungui: barua moja isizidi ukubwa gani, na barua ngapi zinaruhusiwa kutoka kwa saa au kwa siku. Hizo ndizo zitakazosimamisha kazi siku ofisi itakapokuwa na haraka. Kwa hiyo mazungumzo ya leo yataipitia idadi ya masanduku upesi, kisha yatakaa zaidi kwenye hayo mengine mawili.

Ili jambo lenyewe lionekane, tuchukue ofisi ya mfano, isiyokuwepo ila kwa ajili ya mazungumzo haya. Ni ofisi ya utalii pale Remera, yenye wafanyakazi kumi na wawili, inayopeleka wageni kuwaona sokwe wa milimani huko Musanze. Imenunua kifurushi cha bei nafuu kwenye seva inayotumiwa na wateja wengi kwa pamoja, ile aina inayoendeshwa kwa programu ya cPanel. Karatasi ya muuzaji inasema: masanduku 100, nafasi ya gigabaiti 10, barua moja isizidi megabaiti 25, na barua 200 kwa saa. Jina la ofisi kwenye mtandao tuseme ni mfano.rw.

Tuanze na masanduku. Watu kumi na wawili watahitaji masanduku kumi na mawili, na pengine mengine matatu ya kazi kama vile info, uhasibu na nafasi za safari. Mia moja ni mengi mno kwao, na themanini na matano yatabaki kwenye karatasi tu. Kinachowabana ni zile gigabaiti 10, kwa sababu katika vifurushi vingi vya aina hii nafasi hiyo ni ya wote, tena hugawana na tovuti ya ofisi. Yakigawana sawa masanduku kumi na matano, kila sanduku halifiki megabaiti 700. Ofisi inayopokea nakala za pasipoti na picha za hoteli kila siku huimaliza nafasi hiyo mapema.

Kuna kikomo kingine ambacho neno “bila kikomo” hukificha. Seva za aina hii huhifadhi kila barua kama faili moja peke yake, na mwenye seva huweka idadi ya juu ya mafaili kwa kila mteja. Ofisi inaweza kuwa na nafasi tele bado, lakini ikawa na barua ndogo ndogo za miaka minne ambazo hazijawahi kufutwa, na hesabu ya mafaili ikajaa kabla ya gigabaiti. Dalili ni ile ile kwa hali zote mbili: barua za kuingia zinaanza kurudi kwa waliozituma. Mteja aliye Ujerumani anapata taarifa kwamba sanduku la Remera limejaa, huku aliye Remera hapati taarifa ya barua hiyo. Anachoona yeye ni siku tulivu isiyo na barua.

Sasa kiambatisho. Kundi moja la wageni wanaokwenda kuwaona sokwe halizidi watu 8 kwa siku kwa kila familia ya sokwe, na tangu mwaka 2017 kibali cha mgeni anayetoka nje ni dola 1,500. Kwa hiyo kundi lililojaa ni vibali vya dola 12,000, na kila kibali kinataka taarifa za pasipoti ya mwenyewe. Kiongozi wa kundi anazipiga picha pasipoti zote nane kwa simu nzuri, kila picha megabaiti 3, jumla 24. Anaona dari la ofisi ni 25, anatia viambatisho vyote kwenye barua moja, anatuma. Barua inarudi, na maelezo yanasema imezidi ukubwa unaoruhusiwa.

Hapa ndipo watu huanza kumlaumu fundi, na fundi huanza kuulaumu mtandao. Lakini hesabu iko wazi kwa anayejua namna barua pepe inavyosafiri. Mfumo wa barua pepe uliundwa kubeba maandishi, na mpaka leo picha au faili la PDF hugeuzwa kwanza kuwa herufi za kawaida ndipo lisafirishwe. Kila baiti tatu za faili huwa herufi nne, na juu yake huongezwa alama za kukata mistari. Ukijumlisha yote, faili huvimba kwa karibu asilimia 37. Zile megabaiti 24 za pasipoti zikifika kwenye mlango wa seva zimekuwa karibu 33.

Basi dari la megabaiti 25 kwenye seva inayopima barua nzima ikiwa imeshageuzwa, kwa mtumiaji ni dari la megabaiti 18 hivi. Si kila mtoa huduma anapima namna hiyo. Gmail inaposema 25 inahesabu mafaili kabla ya kuvimba, na imeacha nafasi ya huo uvimbe. Faili likizidi hapo, Gmail yenyewe hulipandisha kwenye Google Drive na kumtumia mpokeaji kiungo badala ya faili. Kwa upande mwingine, Postfix, programu ya seva za barua inayotumika sana duniani, ikisimikwa bila kubadilishwa chochote huwa na dari la baiti 10,240,000 kwa barua nzima. Anayetuma kwenye seva kama hiyo ajue faili lake lisizidi megabaiti 7 na kidogo.

Jambo la pili kuhusu viambatisho ni kwamba dari haliwekwi na upande mmoja. Barua hupimwa inapotoka na hupimwa tena inapoingia, na lenye nguvu ni dari dogo kuliko yote njiani. Ofisi ya Remera ikinunua kifurushi kinachoruhusu megabaiti 100, bado hoteli inayopokea kwa dari la 10 itaikataa barua yao. Kwa hiyo kulipa zaidi ili kupata dari kubwa la kutuma ni fedha ambayo mara nyingi hairudi. Nafuu ni kupunguza ukubwa wa picha kabla ya kutuma, au kuweka mafaili mahali pa kuhifadhia na kutuma kiungo. Kwa pasipoti njia hii ya pili ina faida nyingine: kiungo kinaweza kufungwa kibali kikishatoka, lakini nakala iliyotumwa kwa barua itabaki kwenye masanduku ya watu wote walioipokea.

Tunafika sasa kwenye kutuma. Ofisi yetu ina orodha ya anwani 900: wageni wa zamani, mawakala wa Ulaya, na watu walioacha kadi zao kwenye maonyesho. Karibu na sherehe za Kwita Izina, zile za kuwapa majina watoto wa sokwe, ofisi inaamua kumwandikia kila mmoja barua yenye ofa. Saa nne asubuhi mfanyakazi anabonyeza, na kompyuta inaanza kutuma barua moja moja, mia tisa kwa mfululizo.

Zile 200 za kwanza zinatoka. Baada ya hapo cPanel, kama mwenye seva hakubadilisha mpangilio wake wa asili, haikatai papo hapo. Inaruhusu ziada ya robo, yaani mpaka asilimia 125 ya kikomo, na ziada hiyo inaiweka kwenye foleni ili ijaribiwe baadaye. Kwa ofisi yetu robo hiyo ni barua 50. Kuanzia ya 251 hakuna foleni tena. Barua inatupwa, na aliyetuma anarudishiwa maneno ya aina hii:

```
Domain mfano.rw has exceeded the max emails per hour
(251/200 (125%)) allowed. Message discarded.
```

Maneno mawili ya mwisho ndiyo ya kusoma kwanza. Yakiwa `Message will be reattempted later`, barua ipo kwenye foleni na itatoka yenyewe, hivyo mtu asiitume tena. Yakiwa `Message discarded`, barua haipo popote. Isipotumwa upya na mkono wa mtu haitafika. Wafanyakazi wengi husoma mstari wa kwanza tu, wakadhani yote ni ucheleweshaji, wakangoja. Barua zaidi ya mia sita za ofisi yetu zimekwenda hivyo.

Lakini hilo bado si kubwa, kwa kuwa ofa inaweza kungoja mpaka kesho. Kubwa ni lililompata mhasibu wa ofisi hiyo hiyo, aliyekaa chumba cha pili na asiyejua lolote kuhusu ofa. Saa nne na nusu anamtumia wakala ankara ya lile kundi la watu wanane, dola 12,000, kutoka sanduku la uhasibu. Barua yake moja nayo inatupwa. Kikomo cha 200 hakikuwa cha sanduku la yule aliyetuma ofa. Kilikuwa cha jina zima la mfano.rw, kama jina la mtandao linavyohesabiwa kwenye cPanel. Masanduku yote mia moja yanatokea mlango mmoja, na aliyeuziba mlango huo amewazuilia wote waliobaki ndani mpaka saa nyingine ianze.

Hapa ndipo idadi ya masanduku na kikomo cha kutuma vinapokutana, na hapa ndipo swali la kumuuliza muuzaji linapotoka. Si “natuma barua ngapi?” peke yake, ni “kikomo hicho ni cha nani?” Masanduku mia moja yanayogawana barua 200 kwa saa ni barua mbili kwa kila sanduku. Kwa watu kumi na wawili wanaoandikiana na wateja kwa kawaida, 200 zinatosha vizuri. Haziwatoshi wakiamua kufanya kazi ya matangazo juu ya mlango huo huo.

Huduma kubwa za kulipia kwa kichwa huhesabu kwa namna nyingine. Google Workspace inampa kila mtumiaji barua 2,000 kwa siku, kwa hiyo mtu wa matangazo akimaliza zake, mhasibu bado ana zake zote. Gmail ya bure ni 500. Kuna mambo mawili ambayo wateja wapya wa Workspace hawaambiwi mapema. La kwanza, akaunti iliyo kwenye majaribio hubanwa kwenye kikomo cha chini, 500. Haipandishwi siku ile ile ya kulipa, ila baada ya malipo kufikia kiasi fulani na muda kupita. La pili, siku inayohesabiwa si ya kalenda. Ni saa 24 zilizopita, zikihesabiwa nyuma kutoka dakika hii. Aliyemaliza barua zake saa tisa alasiri asikeshe akingoja saa sita usiku, kwa sababu saa sita haibadilishi kitu. Wakati huo wote ataendelea kupokea barua, kutuma ndiko kulikofungwa.

Microsoft 365 inahesabu wapokeaji: 10,000 kwa siku kwa kila sanduku, na barua zisizozidi 30 kwa dakika. Neno “wapokeaji” lina uzito wake. Barua moja yenye nakala kwa watu arobaini ni wapokeaji arobaini. cPanel nayo huhesabu hivyo hivyo, na kikundi cha anwani mia na hamsini kilichopewa jina moja huhesabiwa kama barua mia na hamsini. Kwa hiyo ile mbinu ya kuwaficha watu wote kwenye mstari wa nakala ya siri ili ionekane ni barua moja haimdanganyi mwenye seva.

Kwa nini mwenye seva awe mkali kiasi hicho? Kwa sababu wateja wake mamia wanatoka kwa anwani moja ya IP, na dunia inaitazama anwani hiyo kwa ujumla. Mteja mmoja akitapakaza barua taka, mashirika kama Spamhaus huiingiza anwani ile kwenye orodha ya kuzuiwa, na kesho yake daktari wa Kacyiru na shule ya Kicukiro wasiohusika kabisa wanakuta barua zao zinakataliwa. Kikomo cha saa kimewekwa ili kupunguza madhara ya mtu mmoja kabla hajawachafulia wenzake. Lakini wingi ni kichocheo kimoja tu cha kufungiwa. Viko vitatu vingine, na hivyo huwapata hata wanaotuma barua chache.

Cha kwanza ni anwani mbovu. Rudi kwenye ile orodha ya watu 900. Kadi za maonyesho ya miaka mitano nyuma zina watu waliohama kazi na kampuni zilizofungwa. Kila anwani isiyokuwepo hurudisha barua, na seva huhesabu zilizorudi. cPanel ina kinga inayoweza kuanza kutazama hata baada ya barua tano tu kushindwa ndani ya saa moja, ikiwa mwenye seva ameiwasha na kuweka asilimia anayoivumilia. Ikipita hapo, jina zima linazuiwa kutuma kwa saa hiyo, na maelezo yanataja kitu tofauti na wingi:

```
Domain mfano.rw has exceeded the max defers and failures
per hour (5/5 (100%)) allowed. Message discarded.
```

Anayepata ujumbe huu na hajatuma barua nyingi asiombe kuongezewa kikomo, maana hakitamsaidia. Aisafishe orodha yake.

Cha pili ni nenosiri lililoibwa. Mfanyakazi amefungua ukurasa wa uongo uliofanana na wa barua pepe yake, ameandika nenosiri, na usiku wa manane mtu wa mbali anaingia kwenye sanduku lake na kuanza kutuma. Asubuhi ofisi inakuta haiwezi kutuma hata barua moja. Dalili yake ni ya pekee: sanduku la kupokea limejaa taarifa za barua zilizorudi, za watu ambao hakuna aliyewaandikia, na folda ya zilizotumwa mara nyingi ni tupu. Kwenye cPanel kuna ukurasa unaoitwa `Track Delivery` unaoonyesha ni sanduku gani lililotuma na saa ngapi. Kwenye Microsoft 365 sanduku hilo hufungiwa peke yake, na mwenyewe akijaribu kutuma hupata jibu lenye namba `550 5.1.8`.

Mpangilio wa kazi hapo ni muhimu. Nenosiri libadilishwe kwanza, na simu iunganishwe kwa uthibitisho wa hatua mbili. Kisha zikaguliwe kanuni za ndani ya sanduku, kwa kuwa wezi wengi huacha kanuni inayopeleka nakala za barua nje au inayofuta majibu yasionekane. Baada ya hapo ndipo mwenye seva aombwe kufungua. Anayeomba kufunguliwa kabla ya kubadilisha nenosiri atafungiwa tena kabla ya chakula cha mchana, na mara ya pili mwenye seva hana haraka.

Cha tatu ni desturi iliyoenea mno katika ofisi ndogo: kuelekeza barua zote za info kwenye Gmail ya bosi, ili azione kwenye simu. Inaonekana ni jambo la ndani lisilo na madhara. Lakini kila barua inayoingia na kuelekezwa nje ni barua inayotoka, na huhesabiwa kwenye zile 200. Tena barua taka zinazoingia info nazo zinaelekezwa, na Gmail ikizipokea inaona seva ya Kigali ndiyo iliyozileta. Zikizidi, Gmail inaanza kuibana seva hiyo. Kwanza hujibu kwa namba zinazoanza na 4, maana yake ngoja ujaribu tena. Hali ikiendelea hujibu kwa zinazoanza na 5, maana yake imekataliwa. Microsoft 365 kwa mpangilio wake wa asili hairuhusu kabisa sanduku kujielekezea barua nje ya ofisi. Dawa ni bosi kuliweka sanduku la info lenyewe kwenye simu yake, kwa programu ya kawaida ya barua, bila kuelekeza chochote.

Ofisi inayotaka kweli kuwaandikia watu 900, basi, ifanye nini? Itenganishe milango. Barua za kila siku zibaki kwenye kifurushi, na ofa zipitie huduma iliyotengenezwa kwa ajili ya barua za wengi, tena kwa jina dogo lililo chini ya lile kubwa, mfano habari.mfano.rw, ili zikilalamikiwa zisiharibu sifa ya ankara. Na kabla ya yote iweke kwenye kumbukumbu za jina lake vile vitu vitatu ambavyo wapokeaji wakubwa wanavitafuta: SPF, inayotaja seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina hilo, DKIM, sahihi inayotiwa kwenye kila barua, na DMARC, inayoeleza barua isiyo na hivyo ifanywe nini. Kwa anayetumia Google Workspace peke yake, mstari wa SPF ni huu:

```
v=spf1 include:_spf.google.com ~all
```

Akiongeza huduma nyingine inayotuma kwa jina hilo hilo aiongeze kwenye mstari huo huo, asiandike wa pili. Jina lenye mistari miwili ya SPF huhesabiwa kuwa na kosa, na barua zake huanza kuangukia kwenye taka bila mtu kujua sababu.

Tangu Februari 2024, Google na Yahoo wamezifanya taratibu hizo kuwa sharti. Anayetuma barua 5,000 au zaidi kwa siku kwenda kwenye akaunti za Gmail lazima awe na vyote vitatu, aweke njia ya kujitoa kwa kubonyeza mara moja, na malalamiko ya barua taka yabaki chini ya asilimia 0.3. Microsoft ilifuata Mei 2025 kwa masanduku yake ya Outlook na Hotmail. Ofisi ya Remera haifiki 5,000, lakini Google inamtaka hata mtumaji mdogo awe na SPF au DKIM. Barua isiyo na hata kimoja inaweza kukataliwa hata ikiwa ni moja tu kwa siku nzima.

Hapa Rwanda kuna jambo jingine la kuuliza kabla ya kusaini. Sheria namba 058/2021 ya Oktoba 2021, inayolinda taarifa binafsi, inataka taarifa hizo zihifadhiwe ndani ya nchi, isipokuwa mhusika awe na cheti kutoka mamlaka inayosimamia, ambayo ni Mamlaka ya Taifa ya Usalama wa Mtandao. Ofisi yenye pasipoti za wageni kwenye masanduku yake inaguswa na sheria hiyo moja kwa moja. Kifurushi cha bei nafuu ambacho seva yake iko Marekani kinaweza kuwa kizuri kwa kila namba tuliyoitaja, na bado kikadai karatasi ambayo muuzaji hakuitaja.

Anayeona amenunua vibaya asiogope kuhama. Jina la .rw limesajiliwa kwenye rejista inayosimamiwa na RICTA, na kifurushi cha barua ni mkataba mwingine. Jina linaweza kubaki lilipo na barua zikahamia kwa mtoa huduma mwingine kwa kubadilisha kumbukumbu za MX, ilimradi jina liwe limesajiliwa kwa jina la ofisi yenyewe na si la fundi aliyelinunua. Hilo nalo likaguliwe leo, fundi akiwa bado anapokea simu.

Kwa anayekwenda kununua wiki hii, maswali ya kumuuliza muuzaji ni manne, na majibu yake yatolewe kwa maandishi. Kikomo cha kutuma ni kiasi gani, na ni cha kila sanduku au cha jina zima? Barua inayozidi kikomo inawekwa kwenye foleni au inatupwa? Dari la kiambatisho linapimwa kabla ya faili kugeuzwa au baada? Na siku tukifungiwa Ijumaa jioni, nani anafungua, na kwa simu gani? Muuzaji asiyeweza kujibu la pili na la nne, hata akiahidi masanduku elfu moja, huyo aachwe.